Shajara ya mradi: ngazi ileile, rafu imepanda

Siku ya 1

Kazi imeingia jana jioni. Mhariri anataka picha moja ya kusindikiza makala ya mfumuko wa bei. Makala inawahusu watu walioweka akiba kwenye akaunti isiyo na riba, hawakuigusa kwa miaka 3, na sasa wanakuta fedha ni zilezile lakini hazinunui kile zilichokuwa zinanunua. Masharti ni mawili: sitiari iwe moja tu, na ndani ya picha kusiwe na maandishi yoyote, hata tarakimu, kwa sababu makala itatoka katika lugha zaidi ya moja na picha itabaki ileile.

Nitaitengeneza kwa SDXL, modeli ya akili bandia inayochora picha kutokana na maneno, kwenye kompyuta yangu mwenyewe, na maelezo ya chini ya picha yatalisema hilo waziwazi. Kwa hiyo kinachotakiwa hasa ni agizo, au prompti kama wengi tunavyoiita: maneno machache yatakayoifanya modeli ichore wazo letu, si mazoea yake.

Leo sijaandika agizo hata moja. Nimekaa na daftari nikitafuta kitenzi. Mada ya habari huja ikiwa nomino kubwa, “mfumuko wa bei”, “kushuka kwa uwezo wa kununua”, na nomino za namna hiyo hazichoreki. Ukizikimbilia zilivyo unaishia kwenye picha zilizokwisha kuchakaa: puto lenye sarafu, kibubu cha nguruwe kilichopasuka, mshale mwekundu unaopanda. Kitenzi kinachoreka. Nimeuliza: katika habari hii nani anafanya nini? Jibu la kwanza nililoandika ni “akiba inapungua bila kuguswa”. Nimelipigia mstari nikaenda kulala.

Siku ya 2

“Inapungua bila kuguswa” ilinipeleka moja kwa moja kwenye barafu. Nikachora kwa kalamu pande la barafu ndani ya kizimba cha chuma kilichofungwa kwa kufuli. Kizimba ni kikubwa, barafu imebaki ndogo, maji yanachuruzika sakafuni. Kufuli ni nzima, mwizi hakuja, na mali imekwisha. Nililipenda wazo hili kupita kiasi, na hapo ndipo ningepaswa kulishuku.

Nimewaonyesha watu wanne bila kuwapa kichwa cha habari. Swali langu huwa moja tu: “Hapa nini kimetokea?” Siulizi “picha hii ina maana gani”, maana ukiuliza hivyo mtu anaanza kutunga insha. Watatu walijibu kwa kutaja mabadiliko ya tabianchi kabla hata hawajakitazama kizimba. Barafu inayoyeyuka imekwisha kuchukuliwa na habari nyingine, na kichwa cha habari hakiwezi kuirudisha.

Kuna kosa la pili, kubwa zaidi, nililoligundua nikiwa nimeshakasirika. Barafu inasema uongo kuhusu jambo lenyewe. Mfumuko wa bei hauli fedha. Noti mia moja zilizofungiwa bado ni mia moja. Kilichosogea ni bei. Kiswahili kilikuwa kinaniambia siku zote, nami sikusikia: tunasema bei *imepanda*. Kwa hiyo kitenzi cha kweli si kupungua. Ni “kubaki palepale huku kitu kikipanda”.

Siku ya 3

Kitenzi kipya, mchoro mpya: ngazi ya mbao imeegemea ukuta wa matofali. Ngazi inaishia pale ukuta ulipokuwa ukiishia zamani, na juu yake zimeongezwa kozi mpya za matofali, saruji bado mbichi. Ngazi ni ileile, ukuta umekua. Mtu wa kwanza kuulizwa alisema “mfungwa anatoroka”. Wa pili alisema “wahamiaji mpakani”. Nimeuweka kando bila hata kuuliza wa tatu.

Lakini katika mchoro huo kuna kitu sikukitupa. Matofali mapya juu ya yale ya zamani yaliniwezesha kuonyesha *zamani* na *sasa* ndani ya picha moja isiyotembea. Picha ya tuli haina “kabla”. Ukichora ngazi fupi na kitu kilicho juu, mtazamaji ataona ngazi fupi tu, na atadhani mwenye ngazi alikosea kununua. Lazima kuwe na alama inayoshuhudia kwamba ngazi hii iliwahi kufika.

Basi nimeuingiza ukuta ndani ya nyumba. Ukuta mtupu wa chumba, juu yake rafu moja ya mbao, na juu ya rafu mkate mmoja wa duara. Ngazi imeegemea ukuta chini ya rafu lakini haifiki. Na pale inapoishia ngazi, ukutani, kuna alama hafifu ya mahali rafu ilipokuwa: mstari uliopauka wa urefu uleule wa rafu, pamoja na matundu ya misumari. Rafu imehamishwa juu. Ngazi haikufupishwa na mtu.

Nimewauliza watu watatu wapya. Wawili walisema, kwa maneno yao, “Rafu ilikuwa hapa chini, mtu kaipandisha.” Wa tatu alisema “mkate hauchukuliki”. Hakuna aliyetaja mfumuko wa bei, na hilo silitaki. Kusema neno hilo ni kazi ya kichwa cha habari. Picha inatakiwa itoe tukio, kichwa kiseme tukio hilo ni la nani.

Siku ya 4

Leo nimepima kabla ya kuandika, kwa sababu picha ya namna hii ni hesabu hata kama haina tarakimu.

Makala inatumia mfano wa bei kupanda kwa asilimia 8 kila mwaka kwa miaka 3. Kitu cha 100 kinakuwa 108, halafu karibu 117, halafu karibu 126. Nimekikata kiwe 125 ili nipate uwiano mwepesi: kimo cha zamani 4, kimo kipya 5. Akiba ya 100 mbele ya bei ya 125 inanunua asilimia 80 ya ilichokuwa ikinunua.

Nafasi tuliyopewa ukurasani ni ya wima, kwa hiyo nimechukua pikseli 832 kwa 1216, moja ya vipimo ambavyo SDXL ilifundishwa navyo. Ukiipa vipimo vya ajabu, hasa virefu mno, inarudia vitu: unaomba ngazi moja unapata mbili, moja juu ya nyingine. Sakafu nimeiweka pikseli 1080 kutoka juu. Alama ya zamani iko pikseli 640 juu ya sakafu, rafu mpya iko pikseli 800 juu ya sakafu. 640 mara 1.25 ni 800. Pengo kati ya alama na rafu linakuwa pikseli 160.

Mhariri alipouona mchoro wa penseli akapiga simu. “Dada, pengo ni dogo. Iweke rafu darini kabisa, watu washtuke.” Nimemjibu kwamba rafu ikifika dari tutakuwa tunasema bei zimepanda kwa karibu asilimia 70, na makala haisemi hivyo. Alinyamaza kidogo, akasema sawa, lakini kama kwenye simu ya mkononi pengo halionekani tutarudi kwenye mazungumzo haya. Ni haki yake.

Akaja na jingine: wenye akaunti zenye riba ndogo je? Tukiongeza kipago kimoja kipya juu ya ngazi, cha mbao nyeupe? Ni wazo zuri kweli, na hesabu yake inakubali: riba ya asilimia 3 kwa miaka 3 inaifikisha 100 kwenye karibu 109, wakati rafu iko 125. Lakini hapo mtazamaji ana mambo mawili ya kufumbua, kipago kipya na rafu iliyohama, na jicho litaenda kwenye kipago kwa sababu kiko karibu. Nimekataa. Kipago hicho nimekiweka kwenye daftari, siku moja kitapata makala yake.

Siku ya 5

Agizo la kwanza, na makosa yote niliyojua kwamba nitayafanya.

Nimeandika kwa Kiingereza, kwa sababu visimbaji vya maandishi vya SDXL, yaani sehemu zinazoisomea modeli agizo, vilifundishwa hasa kwa maelezo ya picha ya Kiingereza. Ukiandika Kiswahili neno moja moja linashika, sentensi haishiki. Lilikuwa agizo refu la maneno zaidi ya 100, lenye kueleza mada, hisia, historia ya rafu, kila kitu. Na mwanzoni kabisa niliweka maneno ya kitaaluma, “editorial illustration for a magazine”, na mwishoni “no text”.

Picha 8 zikatoka. Sita zina maandishi. Si maneno ya kueleweka, ni yale maumbo yanayofanana na herufi, yamepangwa juu ya picha kama jina la jarida. Mkate umevishwa karatasi yenye chapa. Kwenye kona ya chini kulia kuna mkwaruzo unaojifanya saini ya mchoraji.

Sababu ni tatu, na kila moja ina dawa yake.

Ya kwanza ni neno “magazine”. Modeli imejifunza kutoka kwenye picha zilizoambatana na neno hilo, na nyingi kati ya hizo ni majalada yenye vichwa vikubwa. Kwayo, jarida *ni* maandishi. “Poster”, “cover” na “infographic” zina tabia hiyohiyo. Nimeyafuta yote, na badala ya kutaja matumizi ya picha nimetaja tu imechorwa kwa nini: rangi ya guashi, bapa.

Ya pili ni “no text”. Kisimbaji cha aina hii hakielewi vizuri ukanushaji. Kinasikia “text” kwa sauti kubwa na “no” kwa sauti ndogo. Anayetaka kitu kisiwepo akiandike kwenye uwanja wake, `negative_prompt`. Hapo kinafanya kazi kwa njia tofauti kabisa: katika kila hatua modeli inakisia mara mbili, mara moja kwa agizo na mara moja kwa orodha ya makatazo, kisha matokeo yanasukumwa kuelekea la kwanza na mbali na la pili. Nguvu ya kusukuma ni `guidance_scale`. Ukiiweka 1 msukumo haupo na makatazo yako hayafanyi chochote, jambo linalowashangaza wengi wanaotumia modeli za haraka zinazotaka thamani hiyo.

Ya tatu ni urefu. Kila kisimbaji cha SDXL kinasoma vipande 77 vya maneno, viwili kati yake vikiwa vya kufungua na kufunga. Programu ninayotumia inakata kinachozidi na kuandika onyo moja ambalo sikulisoma. Rafu yangu iliyo juu, kiini chote cha picha, ilikuwa kwenye mkia uliokatwa. Saa nzima nimeilaumu modeli kwa kutotii sentensi ambayo haikuiona.

Siku ya 6

Agizo limepungua hadi hivi:

```
flat gouache illustration, a short wooden ladder leaning on
a plain pale blue interior wall, high above it one narrow
wooden shelf with a single round loaf of bread, bare wall
between ladder and shelf, soft light from the left
```

Na makatazo:

```
text, letters, numbers, signature, watermark, label,
picture frame, clock, window, second shelf, person
```

Fremu, saa na dirisha hazikuingia kwa bahati. Chumba chenye ukuta mtupu hakiipendezi modeli, inataka kukijaza. Ikitundika saa, zinakuja tarakimu. Ikitundika fremu, ndani yake kunakuja maandishi. Nadhani hili ndilo linalosahaulika zaidi: kuzuia herufi hakuanzi kwenye neno “herufi”, kunaanza kwenye kuchagua vitu visivyo na uso wa kuandikiwa. Ndiyo maana mkate ni wa duara na uko wazi, si chupa, si kopo, si mfuko. Ndiyo maana hakuna sarafu popote. Ningetumia sarafu ningepigana na tarakimu na nembo hadi kesho kutwa.

Maandishi yamekwisha. Katika picha 12 hakuna hata moja yenye herufi, ila mbili zina mkwaruzo wa saini, na huo unafutika.

Sasa tatizo la kweli limejitokeza. Katika picha 12, ngazi imeifikia rafu katika 10. Ni ngazi nzuri, imara, zimeegemea kwenye rafu kabisa. Nimebadilisha maneno: “fupi sana”, “haifiki”, “pengo kubwa”. Hakuna kilichobadilika. Katika picha ambazo modeli imeziona, ngazi huwa imewekwa ili ifike. Ngazi isiyofika ni jambo adimu, na neno moja halina uzito wa kuishinda kawaida hiyo. Sitiari nyingi za habari ziko hivi, zinasimama juu ya kitu kilichoharibika kidogo kuliko kawaida. Kwa hiyo usishangae maneno yakishindwa hapohapo kwenye kiini.

Siku ya 7

Nimeacha kubishana kwa maneno. Mahali pa vitu ni jambo la kuonyesha, si la kueleza.

Nimefungua programu ya kuchorea na kutengeneza mchoro wa maumbo bapa, dakika 10 hazikufika: ukuta wa samawati, sakafu ya kahawia, mistari miwili yenye vipago 9 kuwa ngazi, ubao mmoja kuwa rafu, duara lililopondeka kuwa mkate. Kila kitu kwenye vipimo vya siku ya 4. Kisha nimeupitisha kama picha ya kuanzia:

```python
picha = bomba(
    prompt=agizo, negative_prompt=makatazo,
    image=mchoro, strength=0.7,
    guidance_scale=6.0, num_inference_steps=30,
    generator=torch.Generator("cuda").manual_seed(417),
).images[0]
```

Thamani ya kuhangaika nayo ni `strength`. Modeli hizi huanza na chengachenga tupu na kuzisafisha hatua kwa hatua. Hatua za mwanzo zinaamua vitu vikubwa vikae wapi, za mwisho zinaamua ngozi ya vitu hivyo. Ukiweka 0.7 kwa hatua 30, programu inaumwagia mchoro wako chengachenga kiasi, inaruka hatua 9 za kwanza na kuendesha 21 zilizobaki. Yaani inapoanza kazi, swali la “ngazi iishie wapi” limekwisha kujibiwa kwa kiasi kikubwa.

Nimejaribu tatu, kwa mbegu ileile ya 417, namba inayoamua chengachenga ziweje, ili tofauti itokane na thamani hii peke yake. Kwenye 0.9 ngazi imerefuka tena hadi kwenye rafu. Chengachenga zilikuwa nyingi mno, mchoro wangu ulizama. Kwenye 0.5 ngazi imekaa nilipoiweka lakini kila kitu kimebaki kama kilivyotoka kwenye kipanya changu, maumbo bapa yenye vumbi kidogo juu. Kwenye 0.7 ngazi imebaki fupi, mbao zimepata nyuzi, mkate umepata ukoko. Kipago cha tatu kutoka chini kimepinda. Nimekiacha, ngazi ya nyumbani huwa na kipago kama hicho.

Siku ya 8

Alama ukutani. Nilijua itakuwa siku mbaya, ikawa mbaya.

Nimeiomba kwa maneno kwanza, kwa ajili ya rekodi tu: mstari hafifu uliopauka mahali rafu ilipokuwa. Modeli imechora rafu ya pili. Kila mara. Neno “shelf” likitajwa mara mbili, rafu zinakuwa mbili, na katazo la “second shelf” halifui dafu kwa sababu agizo lenyewe linaivuta. Kinachoombwa ni alama ya kitu ambacho *hakipo*, na maneno hayana namna ya kukitaja kitu bila kukiita kije.

Nikaipaka mwenyewe juu ya picha iliyokwisha. Mara ya kwanza niliifanya ya samawati iliyokolea, kwa hoja kwamba jua limepausha ukuta na sehemu iliyokuwa nyuma ya rafu imebaki na rangi yake. Hoja ni sahihi, na picha ilikuwa mbovu: kila mtu aliona kivuli. Mstari mweusi chini ya rafu ni kivuli cha rafu, hakuna atakayefikiri vingine. Nimegeuza hoja. Ukuta umeingia vumbi kwa miaka, na mahali palipofunikwa na rafu pamebaki safi. Alama ni nyeupe kidogo kuliko ukuta. Kivuli hakiwi cheupe, kwa hiyo jicho linalazimika kutafuta maelezo mengine.

Mstari peke yake haukutosha. Ulionekana kama mwanga wa dirishani. Vilivyoutambulisha ni vitu viwili vidogo: miguu miwili mifupi iliyopauka chini ya mstari, umbo lilelile la vishikizo vya rafu ya juu, na matundu mawili ya misumari katika kila mguu. Mtu akiona umbo la chini linafanana na la juu, anaelewa bila kujua ameelewaje.

Baada ya kupaka kwa mkono alama ilikuwa kali kuliko picha nyingine, imekaa kama kibandiko. Hapo nikatumia kupaka upya sehemu: barakoa, yaani eneo pekee ambalo modeli inaruhusiwa kuligusa, inayofunika alama na pikseli 30 hivi kuizunguka, `strength` 0.3, agizo likisema tu ukuta wa zamani wenye vumbi. Chini ya hapo hakuna kilichobadilika. Kwenye 0.5 iliifuta alama kabisa na kunirudishia ukuta msafi, kazi ya mchana mzima.

Kuna mtego mmoja niliouingia. Barakoa ya kwanza iligusa ncha za ngazi, na modeli, ikiona mbao mbili zinazoingia kwenye eneo lake, ikataka kuzikamilisha: ngazi ikaota pembe mbili. Nimezishusha ncha za ngazi pikseli 12 chini ya alama, na barakoa nimeikata ili upande wa chini isizifikie. Pembe hazikurudi.

Siku ya 9

Majaribio ya mwisho. Nimeipunguza picha hadi pikseli 160 kwa upana, jinsi itakavyokaa kwenye orodha ya habari katika simu. Kwa ukubwa huo alama ya ukutani inatoweka, sikutegemea vingine. Ngazi, pengo na mkate vinaonekana. Kwa hiyo anayepita haraka anapata “haufikiki”, na anayefungua anapata “ulikuwa unafikika”. Nimeikolezea alama kidogo tu, nikaacha.

Nimekagua herufi kwa kukuza picha mara nne na kupita kona kwa kona. Chini kulia, kwenye sakafu, kuna mikwaruzo miwili ambayo kwa ukubwa wa kawaida ni nyuzi za mbao, na ukikuza ni herufi ya W isiyo na haya. Nimeifuta. Nyuzi za mbao na nyufa za ukuta ndizo sehemu ninazozikagua mwisho na kwa muda mrefu zaidi.

Watu watano wapya, hawajaona michoro ya awali. “Hapa nini kimetokea?” Wanne wamesema rafu imehamishwa juu. Mmoja alisema ngazi imekatwa, nikamuuliza kwa nini, akanionyesha ncha zake: zilikuwa zimekatwa bapa, mbao mbichi nyeupe kwa juu, kana kwamba zimetoka kwenye msumeno leo. Alikuwa sahihi kabisa. Ngazi iliyokatwa ni habari nyingine, ya mtu aliyeibiwa akiba yake. Nimezizungushia ncha na kuzipa rangi ileile ya uzee iliyo kwenye miguu ya ngazi, kisha nikamrudishia picha baada ya saa moja. Akaitazama, akasema, “Aa, kumbe ni rafu.”

Nimemtumia mhariri faili, pamoja na agizo, makatazo, namba ya mbegu na mchoro wa maumbo, ili picha iweze kurudiwa endapo nafasi ya ukurasani itabadilika. Alijibu usiku: pengo linaonekana kwenye simu yake. Halafu akauliza kama mkate ungeweza kuwa mkubwa kidogo.